Adrenalini Iliyoshusha Presha

Mwaka 1904 Henry Dale, mwanasayansi Mwingereza ambaye hakuwa hata ametimiza miaka 30, aliajiriwa katika maabara ya Wellcome huko Herne Hill, kusini mwa London. Mwajiri wake alimpendekezea kazi ambayo, kama alivyokiri baadaye, haikumvutia hata kidogo: achunguze ergoti, yaani kuvu anayeota kwenye masuke ya nafaka ya rai. Wakunga wa Ulaya walikuwa wameitumia ergoti kwa miaka mingi kumkaza mama kizazi na kuzuia damu baada ya kujifungua, lakini hakuna aliyejua vizuri ndani yake mna nini.

Siku moja Dale alikuwa amemchoma paka wa maabara dozi za ergoti, na majaribio ya siku yakawa yanaelekea mwisho. Hapo ikaletwa sampuli kutoka kiwandani: unga wa tezi za adrenali, zile tezi ndogo zinazokaa juu ya figo. Kiwanda kilitaka kujua kama unga huo una nguvu ya kutosha kuuzwa. Kipimo kilikuwa rahisi. Adrenalini hupandisha presha, kwa hiyo mchome paka, utazame mstari wa presha ukiruka juu. Paka alikuwa tayari mezani, basi Dale akamtumia huyohuyo. Mstari haukuruka. Ulishuka.

Dale akaandika kwamba sampuli imeharibika, ikakataliwa. Wiki iliyofuata ikaletwa sampuli nyingine, akaipima vilevile, kwa paka aliyekwisha kupewa ergoti, na ikashusha presha kama ile ya kwanza. Safari hii akashtuka. Unga haukuwa na kasoro yoyote. Aliyebadilika alikuwa paka: ergoti ilikuwa imemfanyia jambo lililoigeuza dawa ya kupandisha presha kuwa dawa ya kuishusha. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1906, na hadi leo mwanafunzi wa famasia huulizwa swali la paka yule kwenye mtihani, ingawa mara nyingi haambiwi kwamba lilianzia kwenye bidhaa iliyorudishwa kiwandani kimakosa.

Maelezo kamili yalichelewa zaidi ya miaka 40. Mwaka 1948 Raymond Ahlquist, mtafiti wa Augusta katika jimbo la Georgia, Marekani, alichukua kemikali chache zinazofanana na adrenalini na kuzipanga kwa nguvu zake katika kiungo kimoja baada ya kingine. Angekuta mpangilio mmoja kila mahali, ingemaanisha kwamba kila kiungo kinazipokea kemikali hizo kwa njia moja. Alikuta mipangilio miwili. Kwenye mishipa ya damu inayosinyaa na kwenye msuli unaopanua mboni ya jicho, adrenalini ilitangulia na isoprenalini ikawa ya mwisho. Kwenye moyo na kwenye mishipa inayotanuka, isoprenalini ndiyo iliyoongoza. Ahlquist akasema vipo vipokezi vya aina mbili juu ya seli, akaviita alfa na beta. Wengi hawakumsikiliza mpaka miaka ya 1960, dawa za kuzuia beta zilipoanza kutibu wagonjwa wa moyo na kuthibitisha kwamba hakuwa akiota.

Baadaye kila kundi liligawanywa tena, na mgao huo ndio unaoeleza kwa nini dawa mbili zenye majina yanayofanana humtenda mtu tofauti. Alfa-1 hukaa kwenye kuta za mishipa ya damu ya ngozi, utumbo na figo, kwenye tezi dume na shingo ya kibofu, na kwenye nyuzi za jicho zinazoivuta mboni ifunguke. Kikiguswa, msuli hukaza. Alfa-2 kiko kwa wingi kwenye ubongo na kwenye ncha za neva zenyewe, na kazi yake kubwa ni kupunguza: neva ikishamwaga noradrenalini ya kutosha, alfa-2 huiambia iache. Beta-1 ni cha moyo, nacho huongeza kasi na nguvu ya mapigo. Beta-2 hulegeza njia za hewa kwenye mapafu pamoja na mishipa ya damu inayolisha misuli ya mikono na miguu.

Sasa paka wa Dale anaeleweka. Adrenalini hugusa alfa na beta kwa pamoja. Kwa kawaida alfa hushinda, mishipa husinyaa, presha hupanda. Ergoti ilikuwa imeziba alfa zote, hivyo adrenalini ilipofika ilikuta beta-2 peke yake ndiyo iliyo wazi. Mishipa ya misuli ikatanuka, hakuna wa kuipinga, na presha ikaporomoka.

Njia nzuri ya kuona tofauti za vipokezi ni jaribio ambalo vitabu vya famasia vimelirudia kwa vizazi. Mtu mzima mwenye afya anaingizwa dawa polepole kwenye mshipa, mikrogramu 10 kwa dakika, moja baada ya nyingine, huku presha na mapigo yake yakipimwa.

Inaanza noradrenalini. Hii inapenda alfa-1, inagusa beta-1 pia, lakini beta-2 haiijali sana. Mishipa inasinyaa karibu kila mahali, na namba zote mbili za presha, ya juu na ya chini, zinapanda. Moyo je? Kwa kuwa beta-1 imeguswa, msomaji angetegemea mapigo yaende mbio. Yanapungua. Shingoni, pale mshipa unaopeleka damu kichwani unapogawanyika, na kwenye tao la mshipa mkuu unaotoka moyoni, kuna neva zinazopima jinsi ukuta wa mshipa unavyovutwa. Presha ikipanda ghafla, neva hizo hupeleka habari kwenye ubongo, nao hujibu kupitia neva ya vagasi kwa kuupunguza moyo kasi. Katika mtu mzima mwenye afya, amri hiyo ya ubongo huizidi nguvu ile beta-1.

Isoprenalini hufanya kinyume kabisa. Haina shughuli na alfa. Ni beta tupu. Mishipa ya misuli inatanuka, namba ya chini ya presha inashuka wazi, na moyo unadunda kwa kasi kwa sababu mbili kwa pamoja: beta-1 imeguswa moja kwa moja, na ubongo nao, ukiona presha inashuka, unaondoa breki.

Adrenalini iko katikati, na ndiyo inayowachanganya watu. Kwa dozi hii ndogo beta-2 huisikia mapema kuliko alfa-1. Namba ya juu inapanda kwa sababu moyo unasukuma kwa nguvu, namba ya chini inashuka kidogo kwa sababu mishipa ya misuli imetanuka, na mapigo yanaongezeka. Dozi ikiongezwa sana, alfa-1 hutawala na namba zote mbili hupanda. Yaani dawa ni ileile na mtu ni yuleyule. Kiasi tu ndicho kinachoamua ni kipokezi gani kitakachosikika zaidi.

Hebu mtu huyohuyo apewe kwanza fentolamini, dawa inayoziba alfa-1 na alfa-2, kisha jaribio lirudiwe. Isoprenalini haitabadilika, maana haikuwa ikitumia alfa. Noradrenalini itapoteza nguvu yake ya kupandisha presha, lakini haitaishusha, kwa kuwa haina beta-2 ya kutegemea. Fenilefrini, ambayo karibu yote ni alfa-1, itakuwa kama maji. Adrenalini peke yake ndiyo itakayogeuka, kama ilivyogeuka Herne Hill.

Hilo linaweza kuonekana kama mchezo wa maabara, lakini lina mahali pake wodini. Klopromazini, dawa ya zamani ya magonjwa ya akili ambayo bado inatumika sana katika hospitali za Afrika Mashariki, huziba vipokezi kadhaa kwa mpigo, na kimojawapo ni alfa-1. Ndiyo maana mgonjwa aliyeanza kuitumia husikia kizunguzungu anapoinuka kitandani. Akimeza vidonge vingi kupita kiasi, presha inaweza kuanguka vibaya. Mhudumu mwenye haraka anaweza kuifikiria adrenalini, dawa ambayo karibu kila chumba cha dharura kinayo. Hapo ndipo pa kukumbuka: alfa imezibwa, beta-2 iko wazi, na adrenalini inaweza kuizidisha hali badala ya kuiokoa. Maelekezo ya dawa hiyo yanasema hivyo waziwazi, kwamba ikibidi kupandisha presha baada ya maji ya mshipa kushindwa, itumike noradrenalini au fenilefrini. Kuna jambo moja la kutenga hapa ili lisichanganywe: mtu aliyepata mzio mkali wa ghafla, koo linaziba na presha inaanguka, dawa yake ya kwanza ni adrenalini ya kuchomwa kwenye msuli wa paja, na hakuna hofu ya vipokezi inayopaswa kuichelewesha.

Dawa za kuziba alfa zenyewe si za namna moja. Fentolamini na ndugu yake fenoksibenzamini huziba alfa-1 na alfa-2 bila kubagua. Kuziba alfa-1 hushusha presha, na ubongo hujibu kwa kuuharakisha moyo. Lakini kuziba alfa-2 kunaongeza tatizo la pili: zile ncha za neva zinakosa wa kuziambia ziache, zinamwaga noradrenalini zaidi na zaidi, na yote inaishia kwenye beta-1 ya moyo, ambayo haijazibwa. Mgonjwa anahisi moyo ukimpiga kifuani kama aliyepanda ghorofa mbio.

Prazosini ilileta nafuu hapo, kwa kuwa huziba alfa-1 peke yake na kuiacha alfa-2 iendelee na kazi ya kuzuia. Moyo hauendi mbio kwa kiasi kile. Hata hivyo ilikuja na kisa chake. Baadhi ya wagonjwa wa kwanza kuitumia walizimia kati ya nusu saa na saa moja na nusu baada ya kidonge cha kwanza, hasa walipoanzishiwa miligramu 2 au zaidi. Mishipa iliyozoea kukazwa na alfa-1 ililegea yote kwa pamoja, na mtu aliposimama damu ikabaki miguuni. Dawa haikuwa sumu. Dozi ya kwanza ndiyo iliyokuwa kubwa mno kwa mwili usioizoea. Tangu hapo utaratibu umekuwa ni kuanza na nusu miligramu au miligramu 1, tena usiku, mgonjwa akiwa tayari kitandani, na kupanda taratibu. Anayeacha dawa kwa siku kadhaa kisha akairudia kwa dozi ileile aliyokuwa amefikia anaweza kujikuta amerudi kwenye hatari ya siku ya kwanza, na hili wagonjwa wengi hawaambiwi.

Alfa-2 nayo ilijulisha umuhimu wake kwa njia ya ajabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Boehringer ya Ujerumani ilitengeneza klonidini ikitafuta matone ya kuzibua pua. Katibu mmoja wa kampuni, aliyekuwa na mafua, akatiwa matone kidogo puani. Akalala kama siku nzima, presha yake ikashuka na mapigo yakapungua sana. Klonidini ni kichochezi, si kizuizi, na bado inashusha presha: inaigusa alfa-2 ya ubongoni, na ubongo unapunguza amri zote zinazokwenda kwenye mishipa na moyo. Mtoto akimeza vidonge vyake bahati mbaya, huletwa hospitali akiwa amelala fofofo, mapigo ya polepole na mboni ndogo kama ncha ya kalamu, picha inayofanana sana na ya aliyezidishiwa mofini. Daktari aliye mbele yake hana budi kuyafikiria yote mawili.

Mboni, basi. Ni tundu lisilo na ukuta wake wenyewe. Ukubwa wake unaamuliwa na misuli miwili iliyo ndani ya irisi, ile sehemu ya jicho yenye rangi. Mmoja umelizunguka tundu na ukikaza hulifunga. Huo hauna habari na adrenalini, unaendeshwa na asetilikolini. Mwingine ni nyuzi zinazotoka katikati kwenda pembeni, na zikikaza huvuta tundu lifunguke. Nyuzi hizo ni mali ya alfa-1. Beta haina usemi wa maana hapa, ndiyo sababu isoprenalini hukimbiza moyo na kuiacha mboni ilivyo.

Kwenye kliniki ya macho fenilefrini hutumika kwa sababu hiyo. Anayetiwa matone yake mboni hupanuka, lakini ukimmulika tochi bado husinyaa kidogo, kwa maana ule msuli wa kufunga haukuguswa. Anaweza hata kusoma maandishi ya karibu. Atropini na tropikamidi hufanya kazi kwa upande wa pili, kwa kuulegeza msuli wa kufunga, na humwacha mtu akiona ukungu anaposoma. Kabla ya upasuaji wa mtoto wa jicho, daktari mara nyingi hutumia vyote viwili, mmoja avute na mwingine aachie.

Matone haya yana nguvu kuliko yanavyoonekana, na hesabu yake inafaa kufanywa polepole. Fenilefrini ya asilimia 10 ina miligramu 100 katika kila mililita. Tone moja la macho ni kama sehemu moja ya ishirini ya mililita. Tone hilo, basi, lina miligramu 5. Sasa mtu aende chumba cha pili, anakofanyiwa mama upasuaji wa kujifungua. Mama amechomwa sindano ya ganzi mgongoni, neva zinazokaza mishipa zimelala, presha imeshuka, naye anaanza kusikia kichefuchefu. Daktari wa usingizi anamchoma fenilefrini hiyohiyo kwenye mshipa, na kiasi chake cha kawaida ni mikrogramu 50 hadi 100, yaani sehemu moja ya kumi ya miligramu haijavukwa. Tone moja la jicho limebeba mara 50 hadi 100 ya sindano hiyo.

Halifiki lote kwenye damu, bila shaka. Lakini jicho lina bomba lake linaloshuka puani, na utando wa pua hunyonya dawa haraka. Kwa mzee mwenye presha au maradhi ya moyo, au kwa kichanga, matone mawili matatu ya asilimia 10 yameshawahi kupandisha presha hadi kiwango cha hatari. Kwa hiyo wengi wamehamia kwenye asilimia 2.5, na muuguzi aliyefundishwa vizuri humwambia mgonjwa afumbe jicho na kubonyeza kona ya ndani, karibu na pua, kwa dakika moja au mbili, ili tone libaki lilipowekwa. Dalili ya kwamba dawa imeingia mwilini ni ileile iliyoonekana kwa noradrenalini: presha juu, mapigo chini. Mwenye kuona presha kubwa ghafla asikimbilie dawa ya kuzuia beta. Huko Marekani ilitokea zaidi ya mara moja wakati wa upasuaji wa pua na koo: fenilefrini iliyowekwa puani ikapandisha presha, dawa ya kuzuia beta ikatolewa kuishusha, na moyo, uliokuwa ukisukuma damu kwenye mishipa iliyokazwa, ukanyang'anywa nguvu zake, mapafu yakajaa maji. Miongozo iliyotolewa jimboni New York baada ya kifo cha mtoto ilionya dhidi ya hatua hiyo, na kusisitiza kwamba presha hiyo mara nyingi hushuka yenyewe kwa dakika chache.

Kwa mama wa upasuaji wa kujifungua, kushuka kwa mapigo ndiko kunakoamua dawa gani ichukuliwe. Efedrini, ambayo imekuwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya ganzi hiyo, hupandisha presha kwa kuzilazimisha neva zimwage noradrenalini na kwa kugusa beta pia, hivyo moyo huongezeka kasi. Lakini huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na damu ya mtoto huwa na asidi zaidi kuliko mama anapopewa fenilefrini. Mwaka 2018 jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali lilipendekeza dawa za alfa zitangulizwe, hasa fenilefrini. Mama ambaye mapigo yake yamekwisha kushuka sana hapewi hiyo. Kwake efedrini inabaki kuwa na maana, kwa kuwa fenilefrini ingeyashusha zaidi. Penye aina moja tu kwenye trei, mjadala huo huishia hapo.

Limebaki jambo ambalo halikumwingia mtu akilini mpaka miaka ya 2000, nalo linawahusu zaidi wanaume wazee. Mwanaume wa miaka 70 anaamka usiku mara nne kwenda kukojoa, mkojo unatoka kwa kudondoka. Tezi dume imevimba. Daktari anamwandikia tamsulosini, kidonge kimoja cha miligramu 0.4 kwa siku. Dawa hii ilichaguliwa kwa ustadi. Alfa-1 yenyewe ina vijigawanyo, na kile kinachoitwa alfa-1A ndicho kilichojaa kwenye tezi dume na shingo ya kibofu, ilhali mishipa ya damu ya mzee hutegemea zaidi alfa-1B. Tamsulosini hupendelea ya kwanza. Mkojo unafunguka, presha haianguki kama kwa prazosini, mzee analala. Ni dawa nzuri, na hakuna sababu ya kuiogopa.

Ila irisi nayo inatumia alfa-1A.

Mwaka 2005 madaktari wawili wa California, David Chang na John Campbell, walichapisha walichokiona katika upasuaji wa mtoto wa jicho. Wagonjwa wachache, kama wawili katika kila mia, walikuwa na irisi isiyo ya kawaida. Maji yanayopitishwa ndani ya jicho wakati wa upasuaji yaliifanya ipeperuke kama pazia, ilijaribu kuchomoza kupitia kwenye tundu dogo la kisu, na mboni iliyokuwa imepanuliwa vizuri mwanzoni ikaendelea kujifunga wakati kazi ikiwa katikati. Kwa daktari anayevunja lenzi iliyopauka kwa chombo chenye ncha ndani ya uwazi wa milimita chache, mboni inayofunga ni kupoteza uwanja wa kazi: utando mwembamba ulio nyuma ya lenzi unaweza kupasuka, na vipande vya lenzi vikazama kwenye sehemu ya nyuma ya jicho. Walipofuatilia, karibu wagonjwa wote wa namna hiyo walikuwa wakitumia tamsulosini, au waliwahi kuitumia.

Neno "waliwahi" ndilo zito. Presha iliyoshushwa na kizuizi cha alfa hurudi dawa ikishatoka mwilini. Irisi haifuati utaratibu huo. Hali hiyo imeonekana hata kwa watu walioacha tamsulosini muda mrefu kabla ya upasuaji, na inadhaniwa kwamba nyuzi za kupanua mboni, zikikaa miezi bila kuamrishwa, hudhoofika zenyewe. Kwa hiyo kumwambia mzee aache kidonge wiki mbili kabla ya upasuaji hakumhakikishii chochote, zaidi ya kumrudishia shida ya mkojo, pengine kuziba kabisa usiku wa kuamkia upasuaji.

Ukubwa wa hatari ulipimwa huko Ontario, Kanada, kwa kufuatilia kumbukumbu za wanaume wazee zaidi ya 96,000 waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Matokeo yalitolewa mwaka 2009. Waliokuwa wakitumia tamsulosini katika siku 14 kabla ya upasuaji walipata madhara makubwa ya jicho zaidi ya mara mbili ya wengine. Hata hivyo madhara hayo kwa ujumla yalikuwa machache, kama watu 3 katika kila 1,000, na yanapungua zaidi daktari akijua mapema anakutana na nini.

Akijua, ana njia. Anaweza kumtia mgonjwa atropini siku kadhaa kabla, ili msuli wa kufunga uwe dhaifu sawa na ule wa kufungua. Anaweza kuingiza fenilefrini iliyopunguzwa nguvu ndani ya jicho lenyewe, mbele ya irisi, ikutane ana kwa ana na vipokezi vya alfa-1 vilivyobaki na kuzikaza nyuzi zilizolegea. Anapunguza mwendo wa maji. Ikishindikana, kuna kulabu ndogo za plastiki zinazoingizwa pembeni kuishikilia irisi wazi, au pete inayokunjuliwa ndani ya mboni na kuizuia isifunge. Kulabu na pete zinahitaji kuwa zimeandaliwa mezani kabla ya kisu, kwa kuwa kuzitafuta kabatini jicho likiwa limefunguliwa ni kuchelewa.

Yote yanategemea swali ambalo huulizwa kwa dakika moja kwenye usajili, na linaloweza kujibiwa vibaya bila mtu kudanganya. Mzee akiulizwa kama anatumia dawa yoyote ya macho au ya presha, atasema hapana, kwa sababu anachomeza ni "dawa ya mkojo". Wanawake pia wanaweza kujibu hivyo: tamsulosini huandikwa wakati mwingine kulegeza njia ya mkojo ili jiwe la figo lipite, na mama wa miaka 60 aliyeimeza kwa wiki chache hataikumbuka miaka mitatu baadaye. Muuguzi mwenye uzoefu huuliza kwa namna nyingine: "Mzee, umewahi kupewa vidonge vya kukusaidia kukojoa? Hata zamani?" Akijibiwa ndiyo, anaandika jina la dawa juu kabisa ya faili, karibu na jicho litakalopasuliwa.